Ngozi ya miaka ishirini na kitu: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mweusi hahitaji losheni ya jua." Kauli hii ina ukweli nusu, ndiyo maana haifi. Melanini, rangi ya asili ya ngozi yetu, inatukinga kweli, na makunyanzi hutuchelewa. Lakini kwetu dalili za mwanzo mara nyingi si makunyanzi, ni rangi ya uso kuachana. Paji la uso na mashavu huanza kuwa meusi kuliko sehemu nyingine za uso, na doa la chunusi iliyokwisha pona linakaa miezi. Jua hulikoleza doa hilo kila siku, hata ukiwa hujisikii kuungua.

"Mimi nashinda ndani." Kaa dirishani kwanza. Miale ya UVA, ile inayozeesha ngozi, hupenya kioo cha kawaida. Mwaka 2012 jarida moja la tiba la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69, aliyeendesha miaka 28. Upande wa kushoto wa uso, ulio karibu na dirisha, ulikuwa umekunjamana vibaya kuliko wa kulia. Kwa dereva wa daladala wa huku kwetu, anayekaa kulia, ingekuwa kinyume chake.

"SPF kubwa ndiyo kinga." SPF ni namba ya kinga iliyoandikwa kwenye losheni ya jua. Ikipakwa ya kutosha, SPF 30 hupitisha takriban asilimia 3 ya miale inayounguza, na SPF 50 asilimia 2. Tofauti ni ndogo. Kinachotuangusha ni ubahili wa kupaka. Kamua mistari miwili, kwenye kidole cha shahada na cha kati, iwe ya uso na shingo. Kiasi hicho ni kama mililita moja na kidogo, kwa hiyo tyubu ya mililita 50 ikipakwa mara moja kwa siku haimalizi miezi miwili. Yako ikifika mwezi wa nne, ujue unajipaka kivuli cha losheni. Anayeshinda juani, kama wakala wa pesa pale stendi, arudie kila saa mbili. Ikikuacha na weupe wa majivu, tafuta yenye rangi ya ngozi. Oksidi ya chuma iliyomo husaidia pia dhidi ya madoa.

"Bila seramu hakuna matokeo." Usiku nawa kwa sabuni isiyokausha, kisha paka mafuta yako ya kawaida. Asubuhi maji, losheni ya jua, basi. Hela ya seramu iongeze kwenye tyubu ya pili.

"Mkorogo utasawazisha rangi." Hapa ndipo watu huzeeka kabla ya wakati. Steroidi iliyomo hufanya ngozi iwe nyembamba, mishipa ionekane. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ikitumika muda mrefu inaweza kuacha mabaka ya bluu-nyeusi mashavuni, na hayo hayaondoki kirahisi. Aliyekwisha kuzoea asikate ghafla, maana uso unaweza kuwaka na kutoa vipele. Amwone daktari wa ngozi apunguziwe taratibu.