Ati biashara mpya isiachwe kabla ya mwaka?

"Biashara yoyote mwaka wa kwanza ni hasara tu, ukiiacha umetupa riziki, tuma kwa wenzako kumi."

Hapana jamani, si yoyote. Chukua juisi pale stendi Mtwara: glasi 500, matunda, sukari, barafu na kikombe 420, inabaki 80. Kodi na umeme 4,000 kwa siku, kwa hiyo lazima uuze glasi 50 ndo urudishe hela. Ukiuza 30 kwa siku miezi mitatu, na msimu wa korosho hela zipo mtaani bado ni 33, umeshapandisha bei wakakimbia, hapo funga. Ila ukianza masika watu wamekauka mfukoni usikimbie kwanza, andika daftarini kila siku. Tunachanganywa na waliovumilia wakatoboa, waliofunga hawapost. Hiyo meseji msiisambaze tena.