Faida halisi baada ya kodi: fiksi ya benki na hati fungani

Bango la benki likisema amana ya muda maalumu, ile tunayoiita fiksi, inalipa asilimia 12 kwa mwaka, hiyo ni riba kabla ya kukatwa chochote. Faida halisi baada ya kodi ni kile kinachobaki mkononi mwako baada ya kodi ya zuio kukatwa, kikilinganishwa na bei za vitu sokoni siku unapokichukua. Mkato wa kwanza unauona kwenye taarifa ya akaunti. Wa pili hauandikwi popote.

Tuchukue Kenya, Februari 2024. Mwezi huo serikali iliuza hati fungani ya miundombinu, yaani hati ya kuikopesha serikali pesa, IFB1/2024/8.5, ya miaka minane na nusu, yenye kuponi, ndiyo riba yake ya kila mwaka, ya asilimia 18.4607. Riba yake haikatwi kodi. Riba ya fiksi, kwa upande wake, hukatwa asilimia 15 na benki yenyewe kabla haijakufikia. Kwa mtu binafsi kodi hiyo ndiyo ya mwisho, hadaiwi nyingine juu ya riba hiyo. Mfumuko wa bei wakati huo ulikuwa asilimia 6.3.

Sasa tuseme una shilingi 500,000 na benki imekubali kukupa asilimia 12. Mwaka ukiisha riba ni 60,000. Benki inakata 9,000, unabaki na 51,000, yaani una 551,000 kwa jumla. Lakini bei zikipanda kwa asilimia 6.3, bidhaa zilizouzwa 500,000 mwaka jana sasa zinataka 531,500. Kwa hiyo ulichozidisha kweli ni 19,500. Gawanya kwa 531,500 upate faida halisi: asilimia 3.7 hivi. Wengi huchukua 10.2, yaani riba iliyobaki baada ya kodi, wakatoa 6.3 wakapata 3.9, kwa hesabu ya haraka inatosha.

Hapa ndipo penye jambo ambalo watu hulipita. Kama kodi isingekuwepo, ungekuwa na 560,000, na ziada juu ya ile 531,500 ingekuwa 28,500. Kodi imechukua 9,000 kati ya hizo, karibu thuluthi moja, ingawa sheria inasema asilimia 15. Sababu ni kwamba kodi hutozwa riba yote, pamoja na sehemu ambayo si faida bali ni fidia tu ya thamani ya pesa iliyopungua. Bei zikipanda zaidi, kodi ileile inauma zaidi. Mnamo Oktoba 2022 mfumuko ulifika asilimia 9.6. Aliyekuwa na fiksi ya asilimia 7 wakati huo, kwa kipimo hicho, alikuwa tayari anapata hasara, na bado alikatwa kodi juu ya hasara yake.

Hati fungani ile kwa shilingi hizohizo 500,000 inalipa 92,303 kwa mwaka, kwa awamu mbili, kila baada ya miezi sita, bila makato. Jumla unakuwa na 592,303. Ukitoa ile 531,500, ziada ni 60,803, au asilimia 11.4. Ili fiksi ifikie kuponi hiyo baada ya kodi, benki ingepaswa kukupa asilimia 21.7: gawanya 18.46 kwa 0.85. Hesabu hiyo ya kugawanya ndiyo ya kufanya kila unapolinganisha kitu kisichokatwa kodi na kinachokatwa. Na usidhani kila hati fungani ya serikali ina msamaha huo. Zile za kawaida za miaka kumi au zaidi hukatwa asilimia 10, na zilizo chini ya miaka kumi asilimia 15, sawa na fiksi.

Bei hazikupanda kama ilivyohofiwa: Februari 2025 mfumuko ulikuwa asilimia 3.5, kwa hiyo wote wawili walifaidi zaidi. Mwenye fiksi alifika kama asilimia 6.5. Lakini fiksi yake ilipoisha alilazimika kuiweka upya kwa riba mpya, na riba zilikuwa zimeshuka. Mwenye hati fungani aliendelea na 18.46 ileile. Riba zingepanda, mambo yangegeuka: hati yake ingeshuka bei, na angetaka pesa mapema angeiuza kwa hasara, wakati anayevunja fiksi kwa kawaida hupoteza riba tu.

Anayenunua hati hiyo leo kwa mtu mwingine asisome kuponi pekee. Ikiuzwa, tuseme, 115 kwa kila 100, kuponi ya 18.46 ni asilimia 16 tu ya pesa aliyotoa, na serikali itamrudishia 100, si 115.