Kivuli cha Juni katika Vipimo vya Januari: Ukaguzi wa Eneo la Paneli za Sola Rungwe

Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anapotumwa kukagua paa kwa mara ya kwanza, jambo la kwanza analotakiwa kuandika kwenye daftari lake ni tarehe na saa aliyofika, kwa sababu jua analoliona siku hiyo silo litakaloiangaza paneli miezi 5 baadaye. Tukuyu, wilayani Rungwe, ipo takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo, kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Ndiyo maana paneli huelekezwa kaskazini, na ndiyo maana pia mti ulio kaskazini mwa nyumba unaweza kuonekana hauna madhara yoyote mwezi Januari.

Tuchukue mfano wa duka moja la kijijini karibu na Tukuyu, ambalo mwenyewe anataka liendelee kufanya kazi umeme wa gridi unapokatika. Mwanafunzi alilikagua Januari mchana, akaona mteremko wa kaskazini wa paa uko wazi kabisa, akapiga picha na kuandika “hakuna kivuli”. Hata hivyo, mita 3 kaskazini mwa mahali alipopachagua palikuwa na mparachichi ambao kilele chake kilizidi usawa wa paneli kwa mita 5. Mwishoni mwa Juni jua la utosi huwa kwenye pembe ya takriban nyuzi 57 kutoka upeo wa macho, na kitu chenye urefu wa mita 1 hutupa kivuli cha sentimita 64 kuelekea kusini. Mita 5 zikizidishwa kwa 0.64 zinatoa mita 3.2, maana yake kivuli kinaikuta paneli katika saa zenye mavuno makubwa zaidi. Kivuli kinachofunika kona tu ya paneli kinaweza kupunguza umeme wake zaidi kuliko ukubwa wa kona hiyo unavyoonyesha, kwa kuwa seli zimeunganishwa kwa mfuatano na iliyozibwa huzibana zenzake.

Mkulima wa Rungwe hakati mparachichi unaozaa kwa ajili ya sola, na si vema kumshauri hivyo kabla ya kutafuta njia nyingine. Hapa paneli zilihamishiwa mwisho wa magharibi wa mteremko uleule, mita 8 kutoka mtini, ambako kivuli cha Juni hupita asubuhi mapema tu. Katika kupima, kumbuka mambo mawili. Dira ikishikwa karibu na mabati hupotoka, hivyo sogea mbali na nyumba. Pili, jua la utosi hapa hufika karibu saa saba kasorobo kwa saa zetu, wala si saa sita kamili.

Baada ya paa huja matumizi, na kosa la kawaida ni friji. Kibao chake kilisomeka wati 120, mwenye duka akasema huwaka mchana na usiku, mwanafunzi akazidisha kwa saa 24 akapata wati-saa 2,880. Lakini kompresa huwaka na kuzima. Tulichomeka mita ya soketi kwa siku nzima, duka likiendelea na biashara yake ya kawaida, ikasoma wati-saa 800. Taa 6 za wati 9 kwa saa 5 ni wati-saa 270, televisheni ya wati 60 kwa saa 5 ni 300, na simu 10 za wateja ni kama 150. Jumla ni wati-saa 1,520 kwa siku.

Kiasi hicho hugawanywa kwa 0.7 ili kufidia kinachopotea kwenye nyaya, inveta, betri na joto la paneli, kikawa takriban 2,170. Kisha hugawanywa kwa saa za jua kamili, yaani jua la siku nzima likihesabiwa kama saa za jua kali tu. Kwa Rungwe, yenye mawingu mazito ya Machi na Aprili, mimi hutumia saa 4, ingawa msimu wa kiangazi hutoa zaidi. Jibu ni wati 543, yaani paneli 3 za wati 200. Kwa hesabu ile ya kwanza ya friji zingehitajika paneli 7, na mteja huenda angeghairi.

Wati 120 za friji zina kazi nyingine: kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiasi hicho kwa muda mfupi, kwa hiyo inveta ilichaguliwa ya wati 1,000. Betri ya lithiamu ya volti 24 na ampea-saa 100 hubeba matumizi ya siku moja. Ukungu ukikaa siku 2 mfululizo itaisha, na friji itasubiri gridi. Hilo liliandikwa kwenye fomu, na mwenye duka akaisoma kabla ya kutia saini.