Filamu ya CT Iliyopigwa Picha kwa Simu: Kinachoonekana na Kisichoweza Kukanushwa

Ndugu wa mgonjwa huinua filamu ya CT ya kichwa mbele ya dirisha, akaipiga picha kwa simu, kisha akamtumia daktari bingwa wa radiolojia kwa WhatsApp akiuliza iwapo kuna damu ndani ya fuvu. Ombi hilo linaeleweka, hasa pale mgonjwa alipo mbali na hospitali kubwa. Hata hivyo, jibu linalowezekana hutegemea mambo ambayo mengi yake yamekwisha kupotea kabla picha haijamfikia daktari.

Upotevu wa kwanza hutokea kwenye filamu yenyewe, wala simu haihusiki. Mashine ya CT hupima jinsi kila tishu inavyozuia mionzi na kuipa namba katika kipimo cha Hounsfield: maji ni 0, hewa ni −1000, ubongo ni kati ya 20 na 40 hivi, damu mbichi iliyoganda ni takribani 60 hadi 80, na mfupa hufika mamia kadhaa au zaidi. Jicho haliwezi kutofautisha viwango vyote hivyo vya kijivu kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtaalamu huchagua sehemu ya kuonyesha, nasi huiita dirisha. Dirisha la kawaida la ubongo huanzia 0 na kuishia 80, na chochote kinachozidi 80 huwa cheupe kabisa. Matokeo yake ni kwamba damu nyembamba iliyolala kando ya fuvu huungana na weupe wa mfupa. Kwenye faili halisi za DICOM, yaani faili za mashine zinazotunza namba zote zilizopimwa, daktari hupanua dirisha hadi takribani 200, na damu ikajitenga na mfupa mara moja. Kwenye filamu dirisha lilikwisha kufungwa siku ilipochapishwa, na hakuna kamera inayoweza kulifungua.

Tuchukue mfano wa mzee aliyeanguka wiki mbili zilizopita na sasa analalamika kuumwa kichwa. Damu iliyovujia chini ya utando wa ubongo, ikikaa wiki moja hadi tatu, hupungua weupe hadi ikalingana na rangi ya ubongo. Daktari haitafuti tena kwa rangi yake, bali kwa dalili za pembeni: mifereji ya juu ya ubongo iliyobanwa au kusogezwa mbali na fuvu, na mstari wa kati uliohama milimita chache. Hizo ndizo alama ndogo ambazo picha ya simu huzifuta kwanza.

Hesabu yake si ngumu. Kila kipande cha CT, yaani picha ya tabaka moja la kichwa, kina pikseli 512 kwa 512, na filamu moja huweza kubeba vipande 20 katika safu 4. Kamera ya simu ya kisasa ingeweza kuvinasa vyote vizuri, lakini WhatsApp kwa ubora wa kawaida huipunguza picha hadi takribani pikseli 1600 kwa upande mrefu. Kila kipande hubaki na pikseli 300 hivi, hata kama filamu imejaza picha yote, jambo ambalo ni nadra. Kisha mbano wa JPEG huigawa picha katika vigae vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa tofauti hafifu za kijivu ndani ya kila kigae. Kwa kichwa cha mtu mzima, kigae kimoja huwa na upana wa takribani milimita 6, nao unaweza kuzidi unene wa damu tunayoitafuta. Ongeza mng'ao wa dirishani, na simu inayokoleza kingo yenyewe ili picha ipendeze, na mstari mweupe kando ya fuvu hauwezi kuaminiwa tena: huenda ni damu, huenda ni kazi ya simu.

Kutuma picha kama nyaraka huepusha mbano huo, nasi tunapendelea hivyo, lakini hakurudishi dirisha wala vipande vyembamba ambavyo havikuchapishwa. Mara nyingi filamu hubeba vipande vya milimita 5, ilhali mashine ilipima vya milimita 1 hivi, na ufa mwembamba wa fuvu huweza kujificha humo. Hata pande za mwili hukosewa: filamu iliyoshikwa kinyume hugeuza kulia kuwa kushoto, na kama herufi R inayoonyesha upande wa kulia imekatwa pembeni, hakuna wa kuligundua kosa.

Kwa hiyo majibu mawili hayana uzito sawa. Damu nyingi iliyousukuma ubongo upande mmoja huonekana hata kwenye picha mbaya, na daktari atasema mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja faili. Lakini hawezi kuandika kwamba hakuna damu. Anachoweza kuandika ni kwamba haikuonekana kwenye picha aliyotumiwa. Kwa mzee wetu, jibu hilo halitoshi kumrudisha nyumbani. Ndugu waombe CD au flashi katika idara iliyompima, wakitaja namba ya kipimo iliyochapwa kwenye filamu, na wahakikishe folda nzima ya DICOM imenakiliwa, kwani baadhi ya CD hubeba picha za JPEG tu.