“Mafuta Nimeacha Kabisa, Daktari. Haya Mawe Yametoka Wapi?”

Swali hili nimelizoea, na huja na lawama ndani yake, kana kwamba mashine ya ultrasaundi ndiyo yenye makosa. Anayeuliza kwa kawaida amepungua kweli, nguo zinamwelea mwilini, na anajua kwa hakika kwamba mawe ya nyongo huletwa na chipsi na nyama ya mafuta. Kwa hiyo asiyegusa mafuta hawezi kuyapata. Kinachonichosha zaidi ni kwamba akishaambiwa anayo, anarudi nyumbani kukaza dayati ileile iliyomletea.

Tuanzie kwenye ini, maana ndiko nyongo inakotengenezwa, kati ya nusu lita na lita nzima kwa siku. Watu wanajua kwamba nyongo husaidia kusaga mafuta. Wanachosahau ni kwamba ndiyo pia njia kuu ya mwili kutoa kolesteroli. Sukari mwili unaweza kuichoma, kolesteroli hauwezi. Ini huigeuza sehemu yake kuwa chumvi za nyongo, na sehemu nyingine huimwaga ndani ya nyongo kama ilivyo. Sasa kolesteroli haiyeyuki kwenye maji, na nyongo kwa sehemu kubwa ni maji. Inabaki imeyeyuka kwa sababu chumvi za nyongo zikisaidiana na lesithini huizunguka na kuibeba, kama sabuni inavyobeba mafuta ya sahani. Kolesteroli ikiwa nyingi kuliko uwezo wa wabebaji wake, tunasema nyongo imeshiba kupita kiasi, na ile ya ziada huanza kuganda kuwa fuwele.

Hata hivyo, nyongo iliyoshiba haitoshi peke yake kuleta jiwe. Watu wengi wazima huamka asubuhi nyongo yao ikiwa hivyo, na mawe hawana. Fuwele zinahitaji kutulia. Zikikaa ndani ya mfuko wa nyongo bila kusumbuliwa hunaswa na ute wa kuta zake, zinakuwa tope, na tope likikaa sana linakuwa jiwe. Mfuko unaojikamua vizuri baada ya mlo huzitoa mapema, kabla hazijashikana.

Chukua mfano wa dada wa miaka 38 mwenye kilo 94, anayejiandaa kwa harusi ya mdogo wake. Asubuhi anakunywa maji ya ndimu, mchana juisi ya matango na tangawizi, jioni mchicha wa kuchemsha bila tone la mafuta. Kwa siku hazimfikii kalori 800. Baada ya wiki tisa amepungua kilo 17, karibu kilo mbili kila wiki, na ukoo mzima unamsifu. Usiku wa harusi, saa chache baada ya pilau, anashikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia yanayopanda hadi begani, anatapika, na yanadumu saa tatu kabla ya kuachia. Pilau ndiyo inayolaumiwa. Wengine wanasema ni vidonda vya tumbo, anapewa dawa ya kupunguza asidi. Ultrasaundi inaonyesha mawe madogo madogo na tope.

Pilau haikutengeneza mawe kwa usiku mmoja. Ilichofanya ni kuuamsha mfuko uliolala wiki tisa, ukajikamua, jiwe likaenda kuziba mlango. Mawe yenyewe yalitengenezwa na mambo matatu yaliyokwenda pamoja. Mafuta ya mwilini yana kolesteroli iliyohifadhiwa humo; yanapoyeyuka kwa kasi, kolesteroli hiyo huelekea kwenye ini, nalo huimwaga kwenye nyongo. Wakati huohuo, mtu anayekula kidogo sana huacha chumvi zake za nyongo zimekaa bure mfukoni badala ya kuzunguka utumboni na kurudi kwenye ini, hivyo nyongo mpya hutoka na kolesteroli nyingi na wabebaji wachache. La tatu ndilo ambalo wagonjwa wangu hukataa kulisikia: kinachouamuru mfuko ujikamue ni homoni ya kolesistokinini, na utumbo huitoa hasa unapopitiwa na mafuta na protini. Juisi ya matango haimwamshi mtu. Mfuko unakaa umejaa siku nzima, nyongo imeshiba, fuwele zimetulia.

Nchini Italia walijaribu jambo hili kwa watu wanene wasio na mawe, matokeo yakachapishwa 1998. Kundi moja lilipewa dayati ya kalori chache yenye takribani gramu 3 za mafuta kwa siku, jingine takribani gramu 12. Katika kundi la mafuta kidogo, 6 kati ya 11 waliomaliza walipata mawe. Katika lile jingine hakuna hata mmoja. Ni utafiti mdogo, nakubali, lakini unaendana na tunachojua kuhusu namna mfuko unavyofanya kazi.

Kwa hiyo simwambii mtu aache kupungua, maana unene nao huleta mawe. Namwambia apunguze mwendo: nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, kwani hatari hupanda waziwazi ukipita kilo moja na nusu. Na kila siku awe na walau mlo mmoja wenye gramu 10 hivi za mafuta. Hiyo ni vijiko viwili vya chai vya mafuta ya kupikia, au nusu parachichi. Wengine hunitazama kama nimewaambia wanywe sumu.

Kwa waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, ambao hupungua haraka hata wasipotaka, kuna dawa ya asidi ya ursodeoksikoliki. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 600 kwa siku kwa miezi sita ya mwanzo, na hupunguza mawe mapya kwa kiasi kikubwa. Muulize daktari wako kabla ya upasuaji.

“Lakini kolesteroli yangu ya damu ni nzuri.” Sawa, hongera. Kipimo cha damu hakionyeshi kilichomo kwenye nyongo, na kolesteroli ya jumla haitabiri mawe vizuri. Anayepungua haraka anaweza kuona namba za damu zikishuka huku nyongo yake ikizidi kushiba.

“Nimeyatoa kwa mafuta ya zeituni na ndimu, nimeyaona kwa macho yangu, ya kijani.” Ulichokiona ni sabuni. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha kisa cha mama aliyeleta “mawe” ya namna hiyo. Yalipopimwa hayakuwa na kolesteroli hata kidogo. Robo tatu yake ilikuwa asidi za mafuta, na yalipopashwa hadi nyuzi 40 yaliyeyuka. Mafuta aliyokunywa yaligandia tumboni mwake mwenyewe. Na kama kweli una mawe, kunywa kikombe cha mafuta ni kuufinya mfuko kwa nguvu huku mlango ukiwa na kitu cha kuuziba.

“Yakionekana tu, lazima nipasuliwe.” Hapana. Mawe yasiyouma mara nyingi huachwa, na wengi huishi nayo bila shida. Yanayouma ndiyo hutupeleka kwenye kuondoa mfuko. Ila maumivu yakidumu zaidi ya saa tano, au yakija na homa, au macho yakawa ya njano, hapo ni hospitali usiku huohuo, kwa sababu jiwe linaweza kuwa limeziba mrija mkuu au limekwama karibu na kongosho.