Pointi 142 hazitoi herufi ya sentimita 5

Mama mmoja wa kwaya hapa Goma alinipa kazi ya afishi ya tamasha, karatasi ya A1, yaani milimita 594 kwa 841. Sharti lake lilikuwa moja: neno TAMASHA liwe na herufi za sentimita 5 kwenda juu, ili hata mtu anayesukuma chukudu alisome bila kusimama.

Nikapiga hesabu niliyoizoea. Inchi moja ina pointi 72, na inchi ni milimita 25.4, kwa hiyo pointi moja ni karibu milimita 0.353. Nikagawa 50 kwa 0.353, nikapata 142, nikaandika 142 kwenye kompyuta, mahali pa ukubwa wa fonti. Afishi ilipotoka, Mama akaweka rula juu ya herufi H. Milimita 36.

"Papa, sentimita yangu moja na zaidi imeenda wapi?"

Kugawa kwangu kulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye kitu nilichokuwa napima. Ukubwa wa fonti si urefu wa herufi. Zamani, wakati herufi zilipomiminwa kwa madini ya risasi, kila moja kipande chake, pointi zilihesabu urefu wa kipande chenyewe, na herufi ilikaa ndani yake, ikiachiwa nafasi ya mkia wa g na p chini, na ya alama juu. Kompyuta imerithi kipimo hicho. Kipande cha risasi hakipo tena, lakini nafasi yake bado inahesabiwa.

Kwa hiyo unahitaji namba moja zaidi: herufi kubwa inachukua sehemu gani ya nafasi hiyo. Kwa Arial, fonti niliyotumia, ni 0.716. Kila fonti ina yake, na ndiyo maana fonti mbili za pointi 142 zikiwekwa pamoja zinaweza kuonekana kama za ukubwa tofauti. Kazi ya Mama inakuwa hivi:

```
50 / 0.716 = 69.8 mm
69.8 × 72 / 25.4 = 198 pt
```

Pointi 198, si 142. Kama hujui namba ya fonti yako, andika H ya pointi 100, ichape, ipime kwa rula, kisha gawa milimita ulizopata kwa 35.3. Chagua H kwa sababu imenyooka juu na chini. O huzidi mstari kidogo pande zote mbili na itakudanganya.

Kwenye pikseli, pointi haitoshi peke yake. Lazima ujue kila inchi ina pikseli ngapi:

```
px = pt × dpi / 72
```

Afishi hii niliitengeneza kwa pikseli 150 kwa inchi, kwa hiyo pointi 198 ni pikseli 412 na nusu, na H yenyewe karibu 295. Sisi tunaotumia programu za Kifaransa tuwe macho na `ppp`, yaani "points par pouce", inayoonekana kwenye skrini. Neno "point" lililomo humo ni kitone cha picha, halihusiani kabisa na pointi ya fonti. Nimeona watu wakiandika 150 mahali pa fonti kwa kuchanganya hayo mawili.

Kijana ninayemfundisha alinasa mahali pengine. Alifungua faili la pikseli 3508 kwa 4967, ambazo ndizo za A1 kwa 150, lakini mahali pa pikseli kwa inchi akaacha 72 iliyokuwa imejiandika. Kwa 72, pointi 198 ni pikseli 198 tu. Impirimeri walilibana faili liingie kwenye A1, na H ikatoka milimita 24. Kwenye skrini kila kitu kilionekana sawa, lakini dalili ilikuwepo: upana wa faili ulisomeka sentimita 124 badala ya 59.4. Ukiona hivyo, badilisha 72 iwe 150 huku umeondoa alama kwenye `Rééchantillonnage`, pikseli zisiguswe. Utakuta 198 imegeuka 95. Irudishe 198.

Siku hizi sipeleki afishi kuchapwa kabla sijachapa neno kuu peke yake kwenye A4, hata likiingia nusu tu. Kwenye dirisha la kuchapa nachagua `Taille réelle`, maana `Ajuster` hupunguza ukurasa na kipimo kinakosa maana. Mama alirudi, nikampa karatasi yenye TAM na rula. Akapima T, akapima M, kisha akapima T tena. Milimita 50.