Inositoli kwa mwenye PCOS: gramu 4 zinafanya nini?

Inositoli ni jamaa wa sukari, unga mweupe wenye utamu kidogo, na mwili hujitengenezea wenyewe kutokana na glukosi, hasa kwenye figo. Zamani iliitwa vitamini B8, na jina hilo bado linazunguka madukani ingawa kitu ambacho mwili unajitengenezea hakiwi vitamini. Ina maumbo tisa. Mwenye PCOS, yaani hitilafu ya homoni inayovuruga kazi ya ovari, anahitaji kuyajua mawili tu: mayo-inositoli na kairo-inositoli.

Insulini hufanya kazi yake bila kuhitaji kuingia ndani ya seli. Inabisha hodi mlangoni, kisha ndani kunahitajika tarishi wa kupeleka ujumbe, na inositoli ni sehemu ya malighafi ya matarishi hao. Kwa wanawake wengi wenye PCOS hodi hupigwa lakini seli haziitikii vizuri. Kongosho linamwaga insulini zaidi, na wingi huo unazichochea ovari kutoa testosteroni kupita kiasi. Ndipo hedhi inaporuka miezi, chunusi zinakaidi na vinyweleo vinaota kidevuni. Wazo la kumeza inositoli ni kwamba ujumbe ukipita vizuri, insulini itashuka na ovari zitatulia.

Kipimo kilichotumika kwenye majaribio mengi ni gramu 4 za mayo-inositoli kwa siku: 2 asubuhi na 2 jioni, mara nyingi pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Majaribio mengine yaliongeza miligramu 100 za kairo kwa siku, yaani sehemu 40 za mayo kwa 1 ya kairo.

Kairo ndiyo iliyoanza kupata sifa. Mwaka 1999 wanawake 44 wanene wenye PCOS waligawanywa makundi mawili. Kati ya 22 waliopewa miligramu 1200 za kairo kwa siku, 19 mayai yao yalipevuka na kutoka. Kati ya 22 waliopewa vidonge visivyo na dawa, ni 6 tu. Ni matokeo ya kusisimua, lakini kundi lilikuwa dogo. Baadaye wanawake waliokuwa wakitungishwa mimba maabara walipewa kairo kwa vipimo vinavyopanda hadi miligramu 2400, na ubora wa mayai yao ukazidi kushuka kadiri dozi ilivyopanda. Ovari inategemea mayo kwa kazi yake.

Kwa hiyo geuza kopo usome nyuma. Tuseme kidonge kimoja kina miligramu 550 za mayo na 150 za kairo, na umeelekezwa kumeza viwili kwa siku. Unapata miligramu 1100 za mayo, chini ya theluthi ya kile kilichopimwa. Ukitaka kukaribia gramu 4 utameza saba, na hapo utakuwa umebeba miligramu 1050 za kairo usizozihitaji, halafu kopo la vidonge 60 linaisha kwa siku nane na ushee. Mimi ningechukua unga wa mayo peke yake, nikaupima kwa mizani ndogo na kuukoroga kwenye maji.

Utarajie nini? Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 unasema inositoli inaweza kufikiriwa kwa anayeitaka, kwa sababu madhara yake ni machache na huenda ikasaidia upande wa insulini na sukari. Lakini unasema pia kwamba faida kwa kupevuka kwa mayai, vinyweleo na uzito ni ndogo. Anayetaka kupunguza kitambi, metformini, dawa ya kisukari, inapewa kipaumbele, ingawa inasumbua tumbo zaidi. Anayetafuta mtoto, dawa ya kwanza ya kuamsha mayai ni letrozoli. Kumeza unga mwaka mzima huku umri unasogea ni hasara.

Ukiamua kujaribu, jipe miezi mitatu hadi sita na uandike tarehe za hedhi. Mwanamke aliyekuwa akipata damu kila siku 60, akiona sasa inakuja kila siku 38 kwa mizunguko mitatu mfululizo, ana cha kuonyesha. Damu moja iliyotokea ghafla si ushahidi, maana kwenye PCOS inaweza kutoka bila yai kutoka. Kipimo cha projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, kwenye damu siku kama saba kabla ya hedhi inayotarajiwa, ndicho kinachojibu. Vinyweleo usivihukumu kabla ya miezi sita, kwa kuwa unywele ulioota tayari unamaliza muda wake kwanza.

Kwa gramu 4 wengi hawapati zaidi ya gesi au kichefuchefu kidogo. Anayetumia dawa za kisukari amwambie daktari kwanza, sukari isije ikashuka mno. Na ikipita siku 90 bila damu, uwe unameza inositoli au humezi, nenda hospitali: ukuta wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa huko ndani, na huo unga hautausafisha.